Baka lisilouma begani

"Nina baka limepauka begani, mwezi wa nne sasa. Haliwashi, haliumi. Niendelee na dawa ya fangasi?"

– Mimi langu lilikuwa fangasi, wiki tatu likaisha. Paka tu ndugu.

– La kwako liliwasha? La huyu haliwashi, na hapo ndipo penye shaka. Funga macho, mtu akuguse na ncha ya pamba, mara ndani ya baka, mara nje, nawe uonyeshe kwa kidole alipogusa. Ukikosa za ndani, nenda kituo cha afya useme wazi unataka kupimwa ukoma. Ukizihisi zote bado nenda, maana miezi minne ni mingi.

– Ukoma si ndio ule wa kukatika vidole? Na nyumba nzima itaambukizwa!

– Vidole havikatwi na ukoma, shemeji. Mishipa ya fahamu ikifa, mtu hushika sufuria ya moto asisikie, kidonda kinaoza, mfupa unaliwa. Nimemhudumia mama aliyeungua hivyo. Baka alikuwa nalo miaka. Dawa ziliua vimelea, ganzi ikabaki. Mabaka yasiyozidi matano kwa kawaida hutibiwa miezi 6, zaidi ya hapo 12, na dawa ni bure. Ukishaanza kumeza, kuambukiza kunakoma upesi. Mkojo ukiwa mwekundu usishtuke, ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo. Ila mkono ukilegea au mshipa wa kiwiko ukiuma, rudi siku hiyohiyo.

– Nimejaribu pamba. Mbili sikuzisikia, ya tatu sina hakika. Kesho naenda.