Kadi imeandikwa 100MB/s, mbona kamera inakata?

Fundi, memori kadi yangu imeandikwa 100MB/s, lakini nikirekodi 4K kamera inaenda dakika mbili tatu halafu inasimama yenyewe. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Hiyo 100 kwa kawaida ni spidi ya kusoma, yaani ya kuhamisha video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, tena kadi ikiwa katika hali yake nzuri kabisa. Kamera inaporekodi inaandika, na kwenye kuandika cha kutazama ni zile alama ndogo ambazo wengi tunazipita: C yenye 10 tumboni, U yenye 1 au 3, au V na namba yake. Hizo zinakwambia kiwango ambacho kadi haitakiwi kushuka chini yake inapoandika mfululizo. C10 na U1 ni megabaiti 10 kwa sekunde, U3 na V30 ni 30, V60 ni 60.

Sasa fungua menyu ya kamera. Kamera nyingi za 4K zinaandika 100M au 100Mbps, na hapo ndipo watu wanapotea, kwa sababu hizo ni megabiti, si megabaiti. Gawa kwa 8 upate megabaiti 12.5 kila sekunde. Kadi yako ikiwa ni C10, imekuahidi 10 tu. Muda mwingi itakimbia zaidi ya hapo na hutaona tatizo. Siku ikishuka hadi 10, kila sekunde megabaiti 2.5 zinabaki kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera zikisubiri zamu. Ni kama ndoo inayojazwa haraka kuliko inavyomwagwa: ikijaa, kamera inakata. Ndiyo maana haikati papo hapo.

Nunua V30. V60 usiihangaikie mpaka uwe na kamera inayorekodi megabiti 400, ambazo ni megabaiti 50.

Simu yangu inarekodi 4K vizuri, ila ikifika kama dakika 12 inakata. Kila mara ni hapo hapo. Kadi ni mpya na ina nafasi tele.

Hilo la "hapo hapo" ndilo jibu. Kadi yenye spidi ndogo hukata ovyo, leo dakika ya pili, kesho ya tisa. Angalia ukubwa wa faili: nadhani utakuta linakaribia GB 4. Kadi yako imefomatiwa FAT32, mfumo ambao hauruhusu faili moja kufika GB 4. Simu ikirekodi megabiti 48 inakula megabaiti 6 kwa sekunde, na GB 4 zinaisha karibu na dakika ya 12. Kamera nyingi hufungua faili jipya na kuendelea bila wewe kujua. Baadhi ya simu husimama.

Hamisha vitu vyako kwanza, kisha ifomati kadi iwe exFAT, mfumo usio na kikomo hicho cha GB 4. Simu ikikataa kuisoma, basi haiijui exFAT. Irudishe ilivyokuwa na urekodi 1080p. Kwa megabiti 17 utapata kama nusu saa kabla ya kugonga GB 4.

Kadi ya V30 niliyoitumia mwaka mzima bila shida imeanza kukata. Imechoka?

Huenda, ila kwanza niambie: huwa unafuta klipu moja moja ili kupata nafasi? Mimi nilifanya hivyo kwenye harusi moja, nikafuta majaribio kati ya sherehe, na kamera ikakata wakati wa kukata keki. Ukifuta hivyo unaacha mashimo madogo madogo, na kadi inalazimika kupanga upya vipande kabla ya kuandika. Ahadi ya V30 inahusu nafasi iliyo wazi kwa mfululizo. Hamisha kila kitu, kisha fomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Ikiendelea kukata hata baada ya hapo, istaafishe.

A2 ni bora kuliko V30?

A ni ya programu za simu zinazokaa kwenye kadi. Kwa video tazama V.

Nimepata kadi ya GB 512 kwa bei ya GB 32. Nichukue?

Ukiichukua, ijaribu kabla hujairekodia kitu cha mtu. Kadi feki hudanganya ukubwa: inaonyesha 512, halafu ikijaa ya kweli inaandika juu ya video za mwanzo au inapoteza za mwisho. Kwenye Windows tumia H2testw, ambayo inaijaza kadi yote kisha inaisoma upya. Kadi nzima ikipita utaona `Test finished without errors`, pamoja na spidi yake ya kuandika. Kwenye Linux tumia F3, na badala ya `/media/kadi` weka njia ya kadi yako:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Kwa GB 512 kazi hiyo ni ya saa kadhaa, kwa hiyo iwashe usiku. Na umwombe muuzaji risiti.