Bayocha: debe ngapi kwa kitalu chako? Hesabu niliyoikosea mwenyewe

Tangu nianze kuchoma magunzi ya mahindi kutengeneza bayocha, yaani mkaa wa kuchanganya na udongo wa shamba, hapa Morogoro, majirani wanaopita bustanini huniuliza swali lile lile: "Kaka, kwa tuta langu niweke madebe mangapi?" Zamani nilikuwa nataja namba ya haraka haraka, maana debe ndicho kipimo chetu. Siku hizi na mimi nauliza kwanza: unataka asilimia ngapi, eneo lako ni kubwa kiasi gani, na jembe lako linafika wapi? Bila hayo matatu madebe hayana maana. Na hata ukiyajua bado unaweza kukosea, kama nilivyokosea mimi kwenye kitalu changu cha kwanza cha mchicha.

Kitalu chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Nilitaka bayocha iwe asilimia 1 ya uzito wa udongo, ichanganywe hadi kina cha sentimita 15. Asilimia hiyo ni ya uzito wa udongo ule tu utakaochanganywa, basi kwanza lazima ujue udongo huo una kilo ngapi. Hesabu yake ndiyo hii:

```
udongo (kg)  = eneo (m2) x kina (m) x densiti (kg/m3)
bayocha (kg) = udongo x asilimia / 100
```

Eneo ni mita za mraba 40. Kina ni mita 0.15, wala si 15. Wengi wanaharibu hapa kwa kusahau kugeuza sentimita kuwa mita. Ukizidisha unapata mita za ujazo 6 za udongo. Inabaki densiti, yaani mita moja ya ujazo ya udongo wako, ukiwa mkavu, ina kilo ngapi.

Densiti usiikisie kama unaweza kuipima, na kuipima hakuna ufundi mkubwa. Mimi nilichukua kopo la nyanya la bati, nikakata pande zote mbili likabaki bomba la kimo cha sentimita 10 na kipenyo cha sentimita 7.3. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 418. Nililiwekea ubao juu, nikalipigilia taratibu ardhini hadi likazama sawasawa na uso wa udongo, nikachimba pembeni, nikalitoa na udongo wake, nikakwangua uliozidi huku na huku kwa kisu. Udongo ule niliukausha kwenye oveni ya jirani kwa nyuzi 105 hadi uzito ukaacha kupungua. Mizani ya jikoni ikasoma gramu 544. Gawanya kwa 418 upate 1.3, ambayo ni sawa na kilo 1,300 kwa mita ya ujazo. Pima makopo matatu sehemu tofauti za kitalu uchukue wastani, kwa sababu kopo moja linaweza kuangukia kwenye jiwe au tundu la mchwa.

Jambo moja hapa: pima kabla ya kulima. Udongo uliokwisha tifuliwa umevimba, kopo litakuonyesha namba ndogo, halafu wewe utaizidisha na kina cha sentimita 15 za ardhi ambayo haijaguswa. Hapo umechanganya vipimo vya hali mbili tofauti, na bayocha itapungua bila wewe kujua.

Na usiazime densiti ya mtu wa mbali. Udongo wa kichanga huwa mzito, 1.4 hadi 1.6. Ule mweusi wa majivu ya volkano kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni mwepesi, mara nyingi haufiki hata 0.9. Kitalu kama changu kikiwa kule, kwa densiti ya 0.8, udongo wake ni kilo 4,800 tu. Kwangu ulikuwa 6 mara 1,300, yaani kilo 7,800. Asilimia 1 ya kwangu ni kilo 78, ya kule ni kilo 48. Eneo ni lile lile na kina ni kile kile, tofauti ni kilo 30.

Kwa udongo wa densiti 1.3 nimejitengenezea namba ya kubeba kichwani: kila mita ya mraba, kwa kila sentimita moja ya kina, asilimia 1 ni gramu 130. Kwa sentimita 15 ni kilo 1.95 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 40, unarudi kwenye 78.

Basi nikapima kilo 78 kwenye mizani ya kuning'iniza, kiroba baada ya kiroba, nikamwaga, nikamwita kijana akalima. Nikajisifu kwamba nina kitalu cha asilimia 1. Sikuwa nacho.

Kosa la kwanza lilikuwa maji. Bayocha yangu huwa naizima kwa kuimwagia maji mengi, na mkaa wa magunzi una vitundu vingi, unakunywa kweli kweli. Ukiushika juu unaona umekauka, lakini ndani umelowa. Wiki moja baadaye ndipo nilipopata wasiwasi, nikachukua kilo moja kamili kutoka kwenye rundo lililobaki, nikaianika kwenye bati juani siku tatu, nikiigeuza na kuiingiza ndani usiku. Ilibaki gramu 600. Yaani katika kila kilo niliyopima, gramu 400 zilikuwa maji. Kilo zangu 78 zilikuwa na bayocha kavu kilo 46.8 tu.

Kilo 78 za hesabu ni za bayocha kavu. Ili uzipate kutoka kwenye rundo lililolowa, unagawanya, huongezi asilimia 40 juu yake. Ukiongeza unapata 109, na hiyo haitoshi. Ukigawanya:

```
78 / (1 - 0.40) = 130 kg
```

Hizo 130 ndizo nilipaswa kuning'iniza kwenye mizani. Kama unailisha bayocha kwa mkojo wa ng'ombe au maji ya samadi kabla ya kuipeleka shambani, ambalo ni jambo zuri kwa sababu ikiwa mbichi inaweza kuishikilia naitrojeni mimea ikapauka mwanzoni, basi pima uzito kabla ya kuilisha. Ukishailisha, uzito haukwambii tena kitu.

Kosa la pili lilikuwa kina. Niliandika 15 kwenye daftari na jembe halikusoma daftari. Nilipokuwa bado na hasira na yale maji, nilichimba ukuta mdogo kwa koleo pembeni ya kitalu nione ndani. Mkanda wa udongo wenye vipande vyeusi ulikuwa juu, halafu ghafla udongo mwekundu mtupu. Niliuliza, "Mdogo wangu, hapa si tulisema kiganja na nusu?" Akanijibu, "Kaka, pale juu palikuwa pagumu." Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa kivulini. Nilichukua kipande cha nondo chenye alama, nikapima mahali kumi kwa kukichomeka hadi kigonge ardhi ngumu, nikihesabu kina kutoka usawa wa ardhi ya pembeni isiyolimwa, si kutoka juu ya udongo uliovimba. Wastani ulikuwa sentimita 11.

Udongo uliochanganywa kweli ulikuwa 40 mara 0.11 mara 1,300, yaani kilo 5,720. Gawanya 46.8 kwa 5,720 upate asilimia 0.82. Ukiwa na kosa la maji peke yake ungekuwa 0.6; ukiwa na kosa la kina peke yake ungekuwa 1.36. Makosa mawili yalivutana kamba, nikaishia karibu na nilikotaka kwa bahati tu. Mchicha ulistawi, na laiti nisingepima ningewaambia watu kwamba asilimia 1 inafanya kazi vizuri kwenye udongo wangu.

Tangu siku hiyo nondo inatangulia. Kabla ya kumwaga bayocha namwomba anayelima alime mita moja ya mraba kama atakavyolima kitalu chote, napima kina chake kutoka usawa wa ardhi isiyolimwa, na hicho ndicho kinaingia kwenye hesabu. Ni rahisi kubadili namba kuliko kubadili mkono wa mtu. Halafu nagawa kitalu kwa kamba vipande vinne vya mita za mraba 10, na kila kipande kinapimiwa mgao wake. Bila hivyo mwanzo wa kitalu unapata nyingi na mwisho unapata vumbi.

Sasa turudi kwenye madebe, maana najua ndicho mlichojia. Bayocha yangu ya magunzi, ikiwa kavu na imepondwa, debe la lita 20 lina kama kilo 5. Kilo 78 ni madebe 15 na nusu hivi. Ukiyatandaza kwenye kitalu kabla ya kulima unapata tabaka la karibu milimita 8, na hapo watu hushtuka: "Hii ndiyo asilimia moja?" Ndiyo, kwa uzito. Kwa ujazo ni zaidi ya asilimia 5, kwa sababu bayocha ni nyepesi mara tano kuliko udongo wangu. Mtu anayechanganya debe moja la bayocha na madebe 99 ya udongo akidhani ana asilimia 1 ya uzito, ana karibu 0.2 tu. Debe lako lipime mwenyewe, likiwa kavu, na upime upya ukibadilisha malighafi au ukiponda laini zaidi. Pumba za mpunga hazitakupa uzito sawa na magunzi.

Na kabla hujaamua kufanya hivi kwenye ekari nzima, piga hesabu kwanza. Ekari ni mita za mraba 4,047. Kwa kina cha sentimita 15 na densiti yangu, asilimia 1 ni karibu tani 7.9 za bayocha kavu. Kwenye shimo langu la kuchomea, magunzi makavu yanatoa robo ya uzito wake au pungufu, kwa hiyo unazungumzia tani zaidi ya 30 za magunzi. Sijui mtu kijijini kwetu mwenye nazo. Kwa mahindi mimi huweka kwenye mashimo ya kupandia tu: shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 15, lina udongo wa kilo 17.5 hivi, na asilimia 1 yake ni gramu 175. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo kama 9,000, na jumla inashuka hadi tani 1.6. Nina kikombe cha plastiki nilichokichora mstari kwenye gramu 175 za bayocha kavu, ndicho anachotembea nacho kijana. Mashimo tunayawekea alama za vijiti, kwa sababu msimu unaofuata bayocha itakuwa bado imo, na ukirudisha kikombe kingine pale pale, hiyo ni asilimia 2.