Chunusi za kwanza: weka limau pembeni

"Binti yangu wa miaka 13 ameanza chunusi. Bibi yake anasema ni uchafu na karanga, anamsugua kwa sabuni ya mche na limau. Nifanyeje? Niko Ujiji."

Dada, mwombe bibi aache limau leo. Linaunguza, na jua letu likipiga hapo linaacha madoa meusi. Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo, balehe inapoongeza mafuta. Kusugua hakufiki huko. Karanga ale.

Mwanangu alinawa asubuhi na jioni kwa sabuni laini. Kila usiku wa pili alipaka dawa ya chunusi, jeli ya benzoili peroksaidi asilimia 2.5, nyembamba, eneo lote la chunusi. Ngozi ilikauka kidogo, na foronya ikapauka. Vipele vilipungua wiki ya 8. Vikiwa vinene vyenye maumivu, mpeleke hospitali.