Ukurasa haujapatikana, haupatikani au haupo?

*"Nimetengeneza tovuti ndogo ya kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Sikonge. Mtu akifungua anwani isiyokuwapo anakutana na maneno haya: 'Pole! Kosa 404. Ukurasa Huu Haujapatikana. Bofya Hapa Kurudi Nyumbani.' Mwenzangu anasema hicho si Kiswahili. Niandikeje, na ukurasa wenyewe niupange vipi?" – Msomaji, Sikonge, Tabora*

Ndugu yangu, maneno yote uliyotumia ni ya Kiswahili, ila mengi yanamwambia msomaji jambo ambalo hukukusudia. Tuanze na kitenzi, maana ndicho kinachobeba ujumbe wote.

Kiambishi *-ja-* kina matarajio ndani yake. Mbuzi akipotea na wewe ukasema "hajapatikana", anayekusikia anajua watu bado wako porini wanamtafuta. Ukimwambia msomaji kwamba ukurasa "haujapatikana", unampa sababu ya kusubiri au kujaribu tena baada ya dakika tano. Kumbe seva imekwisha kuangalia, haikuona kitu kwenye anwani ile, na haiendelei kutafuta. Kwa sarufi, "haukupatikana" ni sahihi zaidi, kwa kuwa *-ku-* inafunga habari: kilitafutwa, hakikuonekana, basi. Lakini bado unamsimulia msomaji juhudi za seva, naye anachotaka kujua ni kama ukurasa upo au la.

"Haupatikani" ina tatizo la namna yake, nalo limeletwa na simu. Kwa miaka mingi masikio yetu yamezoea kuambiwa namba tunayopiga haipatikani kwa sasa. Nchini Kenya sauti ile ya "mteja" kutopatikana imezoeleka hivi kwamba mtu asiyeshikika kwenye simu huitwa *mteja*. Kwa hiyo mtu akisoma "haupatikani" anafikiria mtandao dhaifu au betri iliyokwisha, anaamua kurudi jioni. Neno hilo lihifadhiwe kwa siku ambayo seva yenu imezidiwa au imezimwa kwa matengenezo. Hapo ndipo ukweli wake ulipo.

Kinachobaki ni neno dogo kuliko yote: haupo. Halisemi nani alitafuta wala kama kuna haja ya kusubiri.

Sasa tazama neno "huu" ulilolitumia. Ukurasa "huu" ni ule ulio mbele ya macho ya msomaji, nao upo, ndiyo maana anausoma. Anachokikosa ni ukurasa mwingine, yaani ule anaoutafuta. Andika basi "Ukurasa unaoutafuta haupo", na usiiache ile *-u-* iliyo kabla ya *-tafuta*. Najua wengi huandika "ukurasa unaotafuta", na katika mazungumzo tunaelewana. Ila katika maandishi yaliyosimama peke yake, "ukurasa unaotafuta" husomeka kama "mti unaoanguka": ukurasa wenyewe ndio unaofanya kazi ya kutafuta. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba *u-* ya ngeli ya ukurasa na *u-* ya nafsi ya pili, yaani wewe, zinafanana kabisa. Katika *unaoutafuta*, *u-* ya kwanza ni msomaji na *-u-* ya pili ni ukurasa. Kila mmoja amepata nafasi yake, na shaka imekwisha.

*U-* hizohizo zitakutega tena kwenye sentensi inayofuata. Watu hupenda kuongeza maelezo kama "Huenda umehamishwa." Mpe mwalimu au mtumishi wa halmashauri asome sentensi hiyo peke yake, moyo utamshtuka, maana umemwambia amepata uhamisho. Rudia jina tu: "Huenda ukurasa umehamishwa." Katika ukanushi nafsi hizi hutengana, ndiyo maana herufi moja inatosha kuharibu kila kitu: "haujapatikana" ni ukurasa, lakini "hujapatikana" ni wewe msomaji uliyepotea. Nimeliona kosa hili zaidi ya mara moja, na programu ya kukagua tahajia haiwezi kulikamata, kwa sababu maneno yote mawili ni halali.

Tuongeze pia mahali. Kusema "haupo" bila zaidi ni kusema mno, kwani namba 404 haidai kwamba ukurasa umekufa. Inasema tu kwamba hakuna kitu kwenye anwani iliyoombwa, bila kueleza kama hali hiyo ni ya muda au ya kudumu. Chukua mfano wa tovuti kama yenu. Tuseme mwaka jana bei za asali zilikuwa kwenye `/bei-ya-asali`, na watu wakaigawa anwani hiyo kwenye vikundi vya WhatsApp. Mwaka huu mmepanga tovuti upya na bei zimehamia `/asali/bei`. Ukurasa upo, isipokuwa haupo pale ulipokuwa. Kwa hiyo andika: "Ukurasa unaoutafuta haupo kwenye anwani hii." Hapa *-po* inafanya kazi yake ya asili ya kuonyesha mahali mahususi. Wengi nchini Kenya wangesema "hauko", nao wataelewa "haupo" bila taabu. "Haumo" iache, kwa kuwa ingedai kwamba ukurasa haumo kabisa ndani ya tovuti, na hilo si kweli.

"Pole" iondoe. Pole ni ya kumliwaza mtu aliyepatwa na jambo, na huwa haitoki kwa aliyelisababisha. Anayemkanyaga mwenzake kwenye daladala husema "samahani", na abiria wa pembeni ndiye anayesema "pole". Kama ninyi ndio mliohamisha ukurasa, neno lenu ni "samahani", tena mara moja inatosha. Ukiliacha pia si utovu wa adabu, mradi njia ya kutoka hapo ionekane.

"Kosa" nalo lina mkosaji. Bibi wa Urambo aliyegusa kiungo alichotumiwa na mjukuu wake, akakuta "Kosa 404" kwa herufi kubwa, atadhani ameharibu kitu. "Hitilafu" ni afadhali kidogo, lakini ni neno la nguzo ya umeme na injini, na hapa hakuna kilichoharibika. Namba yenyewe usiifute. Iweke chini kabisa kwa maandishi madogo, ili mtu akikupigia simu aweze kukusomea, nawe ujue umwangalizie wapi.

Sasa kiungo. "Rudi nyumbani" kwa Mswahili ni amri ya kuondoka. Ndivyo anavyoambiwa mwanafunzi asiye na sare. Nyumbani ni mahali mtu analala na kupika, na kuuita hivyo ukurasa wa tovuti ni kuazima taswira ambayo kwetu haikuota mizizi. Tunalo neno "mwanzo", nalo limeshazoeleka: ukurasa mkuu wa Wikipedia ya Kiswahili unaitwa hivyohivyo, *Mwanzo*. Hata "rudi" ina walakini. Aliyeingia kupitia kiungo cha WhatsApp hajawahi kuuona ukurasa wenu wa mwanzo, basi atarudije asikotoka? Mwambie "Nenda ukurasa wa mwanzo".

Maneno hayo yenyewe ndiyo yawe kiungo. Mtu asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, mara nyingi huruka kutoka kiungo hadi kiungo, na akifika kwenye "Bofya hapa" anachosikia ni hayo maneno mawili tu, bila kujua yanampeleka wapi. (Kubofya, kwa asili, ni kubonyeza tunda kwa vidole kujua kama limeiva. Ni neno zuri na sina ugomvi nalo, ila hapa halina kazi.) Herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno ni desturi ya vichwa vya Kiingereza. Sisi huanza na moja, kisha tunaendelea kwa ndogo, isipokuwa kwenye majina.

Mpangilio ufuate sentensi: safu moja, ujumbe kwanza, maelezo ya mstari mmoja, kiungo, kisha namba. Msihangaike na picha ya nyuki aliyepotea, maana inakula bando la msomaji kabla hajajua kilichotokea. Faili zima ni hili:

```html
<!doctype html>
<html lang="sw">
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width">
<title>Ukurasa haupo</title>
<style>
body { max-width: 32rem; margin: 3rem auto;
       padding: 0 1rem; font: 1.1rem/1.5 sans-serif; }
</style>
<h1>Ukurasa unaoutafuta haupo kwenye anwani hii</h1>
<p>Huenda ukurasa umehamishwa, au anwani
imekosewa herufi.</p>
<p><a href="/">Nenda ukurasa wa mwanzo</a></p>
<p><small>404</small></p>
</html>
```

Mambo mawili humo yanagusa lugha moja kwa moja. `lang="sw"` inaitambulisha lugha. Ukiacha `en`, kama violezo vingi vinavyokuja, programu ya kusoma skrini inaweza kutamka "unaoutafuta" kwa matamshi ya Kiingereza, na hakuna Mswahili atakayeielewa. `charset="utf-8"` nayo inalinda alama zisizo za kawaida. Ukiikosa, siku utakapoandika "ng’ombe" kwa ritifaa iliyopinda, msomaji anaweza kuona takataka katikati ya neno.

La tatu si la lugha, lakini ndilo linaloangusha wengi. Kiungo kianze na mkwaju: `href="/"`. Ukiandika `href="index.html"`, kitafanya kazi ukijaribu kwenye `/xyz`, kwa hiyo utaridhika. Lakini mtu akikosea `/asali/bie`, kivinjari kitatafuta `/asali/index.html`. Kama faili hilo halipo, atakuwa ametoka ukurasa wa 404 na kuingia mwingine uleule, na ataona kana kwamba kiungo kimekufa. Kwa sababu hiyohiyo nimeweka mtindo ndani ya faili badala ya kuuita kutoka nje.

Kama seva yenu ni Apache, mstari huu kwenye `.htaccess` unatosha:

```
ErrorDocument 404 /404.html
```

Andika njia fupi hivyo, usiweke anwani kamili inayoanza na `https://`. Ukiweka anwani kamili, Apache itamhamishia msomaji kwenye faili hilo na namba 404 itapotea njiani. Injini za utafutaji zitadhani anwani mbovu zote ni kurasa halali zenye maneno yaleyale. Kwa macho huwezi kugundua, kwa kuwa ukurasa unaonekana sawa. Jaribu kwa amri hii, ukiweka jina la tovuti yenu:

```
curl -I https://tovuti-yenu/asali/bie
```

Mstari wa kwanza wa jibu uwe na 404. Ukiona 301, 302 au 200, rudi kwenye `.htaccess`. Kisha fungua anwani hiyohiyo ya ngazi mbili kwenye simu, gusa kiungo, uone kama kweli unafika mwanzo. Na ile `/bei-ya-asali` ya zamani, kwa kuwa mnajua ilikohamia, msiiache iangukie kwenye ukurasa huu:

```
Redirect 301 /bei-ya-asali /asali/bei
```