Namba za simu zenye tarakimu 9 kwenye dodoso

"Namba zenye tarakimu 9 nizifute zote? Mdau mmoja anasema ni feki."

Usizifute, ndugu. Mdau kapatia nusu: namba zetu zina tarakimu 10, ila Excel hula sifuri ya mwanzo. Pima `LEN` kwanza. Zenye 8 au 11 zitenge. Za 9 zirudishie sifuri:

```
="0"&A2
```

Kisha, ili kuzinasa feki zenyewe, panga namba kwa mdadisi. Kwenye dodoso letu la Temeke, mdadisi mmoja alikuwa na kaya sita zenye namba zinazoishia 0000 au 3456. Tulizipigia zote, hakuna hata moja iliyoita. Namba moja kwa kaya mbili siiti feki bado, maana wapangaji wa nyumba moja huazimana simu.