Wikendi imeleta mamia, mabosi haijaleta hata moja: vigezo vya kuchuja jurnali

Swali: "Wakuu, kwenye ukaguzi nimechuja jurnali za wikendi, zenye kiasi cha sifuri nyingi, na zilizoingizwa na mabosi. Wikendi imeleta mamia, mabosi haijaleta hata moja. Nichukue sampuli nisonge mbele au kuna ninapokosea?"

Mkuu, sampuli isubiri kidogo. Majibu ya namna hiyo mara nyingi yana maana mbili: umechuja kwa safu isiyo sahihi ya tarehe, na umemtafuta bosi mahali ambapo jina lake huwa haliandikwi.

Tuanze na tarehe. Kila ingizo lina tarehe ya kihasibu, inayoamua muamala uangukie kipindi gani, na tarehe ya uingizaji, ambayo mfumo wenyewe unaigonga mtu anapohifadhi. Ya kwanza anaichagua mhasibu, ya pili haichagui. Kwa anayetumia SAP, zote zipo kwenye jedwali la BKPF: ya kihasibu ni BUDAT, ya uingizaji ni CPUDT, na saa yake ni CPUTM. Kigezo cha wikendi kina maana kwenye CPUDT tu. Tarehe 31 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, kwa hiyo aliyechuja mwaka huo kwa BUDAT alizoa uchakavu, malimbikizo na kila kitu cha kufunga mwaka. Tarehe 31 Desemba 2024 ilikuwa Jumanne. Hapo kosa linageuka: ingizo lililofanywa Jumapili ya Januari 2025 na kurudishwa nyuma hadi tarehe hiyo linapita bila kuguswa. Kosa moja, mwaka mmoja linakuzamisha kwa kelele, mwaka unaofuata linakufichia unachokitafuta.

Angalia pia saa ya seva. Ikiwa seva inasoma UTC na ofisi iko saa tatu mbele, kazi ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu itaonekana ni ya Jumapili saa tano usiku. Rekebisha kwanza, ndipo uchuje. Na wikendi yenyewe isome kwenye kalenda ya kazi ya mteja, sikukuu zikiwemo. Kama kitengo cha fedha hufanya kazi kila Jumamosi, Jumamosi siyo kigezo hapo.

Kwenye kiasi cha sifuri nyingi, fomula ni nyepesi. Hapa safu D ni tarehe ya uingizaji na F ni kiasi:

```
=WEEKDAY(D2,2)>=6
=MOD(ABS(F2),100000)=0
```

Hiyo 100000 siyo takatifu. Ipange kwa kuangalia kiwango chako cha umuhimu na ukubwa wa kawaida wa miamala ya mteja. Linalowaponyoka wengi ni kwamba fomula inasoma mstari mmoja mmoja. Mtu anayetaka kuhamisha kiasi kamili anaweza kukigawa kwenye mistari mitatu yenye chenji, na hakuna hata mmoja utakaonaswa. Kwa hiyo jumlisha debiti kwa kila namba ya hati, halafu pitisha fomula ileile kwenye jumla hizo. Kama kuna fedha za kigeni, pima kiasi cha fedha ya muamala na cha fedha ya vitabu, kwa sababu kilicho kamili upande mmoja hupata chenji upande wa pili baada ya kubadilishwa. Hata hivyo kigezo hiki peke yake ni dhaifu. Pango, malimbikizo ya makadirio na uhamisho kati ya akaunti za benki vyote huwa na sifuri nyingi kihalali.

Sasa mabosi. Mkurugenzi wa fedha anayetaka kupindisha hesabu ni nadra aingie kwenye mfumo kwa jina lake. Anamwambia mhasibu aingize, na anayeonekana ni mhasibu. Ndiyo maana umepata sifuri, na sifuri hiyo haikupi faraja yoyote. Kuna njia tatu za kumkaribia. Linganisha aliyeandaa rasimu na aliyeipitisha kwenye leja (PPNAM na USNAM kwenye BKPF). Pale PPNAM ilipo tupu, rasimu haikuegeshwa, hivyo tafuta ushahidi wa idhini nje ya mfumo. Pili, tafuta kwenye maelezo maneno kama "kwa maelekezo", "marekebisho" au "kusahihisha", pamoja na maelezo yaliyoachwa tupu. Tatu, kaa na wanaoingiza jurnali, bila mkuu wao, uwaulize kama wamewahi kuombwa kuingiza kitu wasichokielewa. ISA 240 inataka maulizo hayo yafanyike kwa watu wanaohusika na utayarishaji wa hesabu. Wengi wanayauliza kwa meneja peke yake, yaani kwa mtu ambaye hatari yenyewe inamhusu. Orodha ya vyeo nayo iombe idara ya rasilimali watu, isitoke kwa mhasibu mkuu.

Vigezo vinapata meno vinapokutana, na vinapofungwa na mwelekeo wa ingizo: linapandisha faida au linaishusha? Chukua mfano wa kubuni. Mwaka umeishia 31 Desemba 2024, jurnali za mkono ziko 2,900. Wikendi inatoa 310, sifuri nyingi 640. Ukitaka zile zinazogusa vyote viwili, zilizoingizwa baada ya mwisho wa mwaka, na zinazopunguza gharama au kuongeza mapato, unabaki na 14. Hizo unazisoma zote, moja moja.

Mojawapo iliingizwa Jumapili, 12 Januari 2025, kwa tarehe ya kihasibu 31 Desemba. Debiti ni mali inayojengwa, mistari mitatu: 31,450,000, 27,320,000 na 26,230,000. Krediti ni gharama za matengenezo. Mstari kwa mstari hakuna kinachoshtua, lakini jumla ni 85,000,000 kamili na maelezo ni neno moja, "marekebisho". Umbo hili lina historia: kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom, ilihamisha gharama za kukodi mitandao kwenda kwenye mali za kudumu kwa maingizo ya aina hii mwaka 2001 na mwanzoni mwa 2002, robo baada ya robo.

Hapo maelezo ya mdomo hayatoshi. Omba ankara za matengenezo zilizokuwa zimeingizwa mwanzo, uone kazi iliyofanyika: kupaka rangi na kubadilisha vipuri hakuzai mali. Linganisha tarehe ya idhini na tarehe ya uingizaji. Idhini iliyosainiwa siku uliyouliza ni jibu tayari. Nenda ukaione hiyo mali. Kisha fungua leja ya Februari na Machi 2025 utazame kama ingizo lilirudishwa kimyakimya baada ya ukaguzi wa awali.

Kabla ya haya yote hakikisha faili ni kamili: urari wa mwanzo, jumlisha maingizo yote, lazima upate urari wa mwisho kwa kila akaunti. Tofauti ikibaki, mara nyingi ni marekebisho yaliyofanywa kwenye lahajedwali nje ya leja wakati wa kuunganisha hesabu. Hayana CPUDT wala jina la mtumiaji, kwa hiyo hakuna kichujio kitakachoyaona. Yaombe kwa orodha yake na uyapime kando. Pia usiondoe maingizo ya "mfumo" kwa kuamini jina tu. Akaunti ya kazi za usiku ambayo nywila yake inajulikana na watu wawili ni mtumiaji kama wengine, na jurnali yake moja ya mkono kati ya maelfu ya otomatiki ndiyo ya kuvuta kwanza.