Kontena kukwama kwa sababu ya thamani na namba ya HS: yaliyonikuta kwenye mashine ya maji

> "Wakuu, kontena langu liko bandarini Dar wiki ya pili. Forodha wamekataa thamani niliyoandika na wamebadilisha namba ya HS kwenye baadhi ya vitu. Ejenti anasema nilipe tu yaishe. Hivi kosa huwa linaanzia wapi, na mzigo ujao nijikinge vipi?"

Mkuu, pole. Kosa huwa linaanzia kwenye invoisi, mwezi mmoja au miwili kabla meli haijatia nanga. Nakusimulia la kwangu kwa hesabu zake, maana nililipia ada ya shule kamili.

Niliagiza China mtambo mdogo wa kujaza maji ya chupa. Invoisi ilikuwa na mstari mmoja tu: mashine ya maji, seti kamili, dola 42,000, FOB Ningbo, yaani bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini Ningbo, bila nauli wala bima. Nikaona safi, fupi. Ejenti akaweka kila kitu kwenye namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa kwa ajili ya ushuru, 8422.30, yaani mashine za kujaza na kufunga chupa, ambayo ushuru wake wa forodha ni asilimia 0. Ili kuonyesha hatuna cha kuficha, akaambatisha na risiti zote za TT, yaani malipo ya benki kwenda kwa muuzaji, nilizomtumia.

Afisa akafanya kitu ambacho mimi sikukifanya: akajumlisha. Malipo ya kwanza 12,600, ya pili 29,400, ya tatu 3,500. Jumla 45,500. Invoisi inasema 42,000. "Hii elfu tatu na mia tano ni ya nini?"

Ilikuwa ya moldi ya chupa yenye umbo letu. Tuliagiza baadaye kwa WeChat, nikalipa kwa proforma, yaani invoisi ya awali, yake peke yake, na muuzaji akaipakia humo humo kontenani. Kwenye pakingi listi ipo, kwenye invoisi haipo. Hapo umeshatoka kwenye ubishi wa bei na umeingia kwenye mzigo ambao haukutajwa, hata kama wenyewe ushuru wake ni mdogo. Kontena likapelekwa kufunguliwa.

Lilipofunguliwa yakatoka mengine. Ndani ya ile "seti kamili" mlikuwa na vifuniko 300,000 vya plastiki. Vifuniko si mashine. Vina namba yao, 3923.50, na kwetu ushuru wake ulikuwa asilimia 25. Hapa ndipo wengi tunapopotea. Kanuni za HS zinaruhusu mashine kadhaa zinazofanya kazi moja inayoeleweka, hata kama zimeunganishwa kwa mabomba na nyaya tu, ziainishwe pamoja chini ya kazi hiyo. Kwa hiyo ya kuosha chupa, ya kujaza na ya kufunga zilikubalika kuwa kitu kimoja. Lakini ruhusa hiyo haibebi malighafi itakayopita kwenye mashine, wala haibebi mashine yenye kazi nyingine. Kile kimashine cha kupulizia chupa afisa alikitenga kwenye 8477.30, kwa hoja kwamba kinatengeneza chupa, hakijazi maji. Sikubishana, ushuru haukubadilika.

Sasa thamani. Afisa alitaka kutumia 45,500 yote. Kumbe ndani ya zile 42,000 mlikuwa na dola 4,800 za fundi kuja kufunga mtambo na kufundisha vijana wangu. Gharama ya kufunga mtambo baada ya bidhaa kuingia nchini haihesabiwi kwenye thamani ya forodha, ila kwa sharti kwamba inaonekana peke yake, imetenganishwa na bei ya bidhaa. Yangu ilikuwa imemezwa. Nikamwomba muuzaji invoisi mpya yenye mchanganuo, akaituma usiku ule ule. Ikakataliwa, na kwa kweli ningekuwa mimi afisa ningeikataa pia: karatasi iliyozaliwa baada ya swali kuulizwa haina uzito. Kilichoniokoa ni mkataba tuliosaini kabla ya kulipa, wenye kipengele cha fundi na kiasi chake.

Hesabu ikaishia hivi: 45,500 toa 4,800, unabaki na 40,700 ya FOB. Ongeza nauli ya meli 2,800 na bima 400, CIF, yaani bei pamoja na nauli na bima, ni 43,900. Vifuniko vilikuwa 4,200; ukivigawia sehemu yao ya nauli na bima vinakuwa kama 4,530, na asilimia 25 yake ni dola 1,130 hivi, kabla ya VAT na tozo nyingine. Storeji na demareji, yaani tozo za mzigo na kontena kuchelewa bandarini, za siku 17 zilizidi mara mbili ya ushuru huo. Hayo ndiyo yanayouma, si kodi.

Kuhusu ejenti wako anayesema lipa yaishe: kwanza mwambie aulize kwa maandishi wamekataa thamani kwa sababu gani na wametumia njia ipi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 122 na Jedwali la Nne, inaanza na bei uliyolipa kweli. Ikitiliwa shaka unapewa nafasi ya kuithibitisha, na ikikataliwa ndipo wanakwenda kwenye bidhaa zilezile, kisha zinazofanana, na kuendelea kwa mpangilio. Bei iliyo kwenye mfumo wao ni ya kuwashtua waulize, haitakiwi kuwa jibu lenyewe. Peleka proforma, mkataba, mazungumzo ya bei, uthibitisho wa benki wa TT, na ile fomu ya forodha ya China aliyotolea mzigo muuzaji. Hiyo ya mwisho ina nguvu sana, ila muulize kwanza aliandika bei gani, maana wengine huandika yao. Ubishi ukiwa mrefu, omba kutoa mzigo kwa dhamana huku shauri likiendelea. Na uamuzi ukitoka hujaridhika, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kuomba upitiwe upya. Zikipita bila sababu ya msingi, umekubali.

Kama kwenye invoisi iliandikwa bei ya chini kuliko uliyolipa kweli, hayo yote niliyoandika hayatakusaidia. TT itakuumbua.

Mzigo ujao, usimwachie muuzaji namba ya HS. Tarakimu 6 za kwanza ndizo za dunia nzima. Zinazofuata ni za nchi yake, kwetu tunatumia 8. Hata hizo 6 angalia ni za toleo la 2022: paneli za sola bado naona zinaandikwa 8541.40 wakati siku hizi ni 8541.43. Mimi sasa naomba rasimu ya invoisi na pakingi listi kabla salio halijalipwa. Kila kitu mstari wake: kimetengenezwa kwa nini, kinafanya nini, modeli, idadi, bei. Fundi mstari wake. Vipuri vya bure navyo mstari wake, na thamani yake, sio "sampuli, dola 0". Namtumia ejenti na katalogi, anaandika namba pembeni ya kila mstari. Kukiwa na mstari ambao mimi na yeye hatukubaliani, tunaomba uamuzi wa awali wa forodha kwa maandishi, mzigo ukiwa bado kiwandani.

Halafu najumlisha TT nilizokwisha kutuma pamoja na salio lililobaki. Zisipolingana na invoisi hadi dola ya mwisho, silipi salio.

Wewe wamebadilisha namba ipi kwenda ipi? Weka maelezo ya bidhaa hapa tuangalie.